Makadirio ya Fedha ya Wiki 13: Kutoka Orodha ya Madeni Hadi Salio la Ijumaa

Mabibi na mabwana, wahasibu wenzangu, nanyi wamiliki wa biashara mliofika kusikiliza,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandaa makadirio ya mtiririko wa fedha kwa robo mwaka ijayo, kwa kutumia taarifa mbili ambazo kila ofisi ya uhasibu inazo tayari: ripoti ya umri wa madeni ya wateja na orodha ya ankara za wasambazaji ambazo hatujazilipa. Sitapitia kila kitu kinachoingia katika makadirio. Nitakaa juu ya swali moja, nalo ni jinsi safu za umri wa madeni zinavyogeuzwa kuwa fedha inayoingia benki katika wiki fulani, na jinsi fedha hiyo inavyokutana na malipo ya wasambazaji katika wiki hiyo hiyo. Hapo ndipo nimeona makadirio mengi yakiharibika, hata pale hesabu za mauzo na faida zilipokuwa sahihi.

Robo mwaka ina wiki 13, na makadirio ninayoyazungumzia yana safu 13, moja kwa kila wiki. Wengi huandaa safu tatu za miezi kwa sababu ni rahisi. Nitawaonyesha kwa mfano kwa nini safu tatu hazitoshi, lakini kwanza tuanze na salio la kufungulia, maana kosa likiingia hapo hubaki katika safu zote 13.

Salio la kufungulia ni salio la daftari la fedha baada ya kupatanishwa na taarifa ya benki. Salio linaloonekana kwenye taarifa ya benki asubuhi ile halitoshi. Tuchukue biashara ya jumla inayouza kwa mkopo wa siku 30. Taarifa ya benki inaonyesha milioni 4.9. Katika upatanisho tunakuta malipo ya milioni 1.4 yaliyokwisha kutolewa kwa wasambazaji lakini hayajakatwa na benki. Ankara zile zimeshaondolewa katika orodha ya madeni yetu, kwa hiyo hazitatokea tena popote katika makadirio. Tukianza na 4.9 tutakuwa tumehesabu fedha ambayo si yetu tena. Salio letu ni milioni 3.5. Naomba mkumbuke tofauti hiyo ya 1.4, kwa sababu tutaikuta tena baada ya wiki mbili.

Sasa ripoti ya umri wa madeni ya wateja. Jumla yake ni milioni 40: ambazo hazijafika tarehe ya kulipwa ni 22, zilizochelewa kati ya siku 1 na 30 ni 11, kati ya siku 31 na 60 ni 3, kati ya siku 61 na 90 ni 2, na zaidi ya siku 90 ni 2. Kabla ya kuigusa hesabu yoyote, kuna mambo ya kuhakikisha. Jumla ya ripoti ilingane na akaunti ya udhibiti ya wateja katika leja kuu. Umri uwe umehesabiwa tangu tarehe ya kulipwa, kwani mifumo mingi ya uhasibu inaruhusu kuchagua kati ya tarehe hiyo na tarehe ya ankara, na ripoti ya namna moja ikisomwa kama ya namna nyingine, deni zima husogea mwezi mmoja. Kisha tafuteni tarakimu hasi. Tarakimu hasi katika safu ya siku zaidi ya 90 mara nyingi ni fedha ambayo mteja amekwisha kuilipa lakini hakuna aliyeioanisha na ankara yake. Maana yake ni kwamba ankara inayoonekana bado inadaiwa katika safu nyingine imekwisha kulipwa, na sisi tunaisubiri mara ya pili.

Baada ya kuisafisha ripoti, mtu hushawishika kuchukua tarehe ya kulipwa ya kila ankara na kuiweka katika wiki yake. Hilo ndilo kosa la kwanza nililolifanya mimi katika kazi hii. Tarehe ya kulipwa hutueleza siku ambayo tuna haki ya kudai. Siku ambayo mteja hulipa tunaijua kwa kuangalia alivyolipa huko nyuma. Na kwa zile zilizokwisha kuchelewa tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu tarehe yake imepita na haina wiki ya kukaa. Nimeona mara nyingi madeni yote yaliyochelewa yakitupwa katika wiki ya kwanza, eti yanadaiwa sasa. Makadirio ya namna hiyo huonyesha wiki ya kwanza iliyojaa fedha, na kila wiki fedha ile ile husogezwa mbele bila kufika.

Njia ninayoitumia huanza kwa kugawa wateja mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wateja wachache wakubwa, na kila mmoja wao hukadiriwa peke yake. Katika mfano wetu yupo mmoja, na anadaiwa milioni 10: sita hazijafika tarehe na nne zimechelewa chini ya siku 30. Tukifungua historia ya malipo yake tunaona kwamba hulipa mara moja kwa mwezi, Ijumaa ya mwisho, na hulipa zile tu ambazo tarehe yake imefika kabla ya siku ya 20 ya mwezi. Kwa hiyo katika zile sita, 3.5 zitaingia katika malipo ya mwezi huu na 2.5 zitasubiri mwezi ujao. Katika zile nne, milioni 1.5 ni ankara anayoibishia kwa sababu mzigo ulifika pungufu. Ankara inayobishaniwa hailipwi kwa kupigiwa simu. Hulipwa pale tunapotoa hati ya kupunguza deni na mteja akakubaliana na kilichobaki. Mpaka hilo litokee, ninaitoa kabisa katika makadirio. Kinachobaki ni 2.5 zilizochelewa na 3.5 zinazofika tarehe, jumla milioni 6 katika wiki ya nne. Kwa kuwa tunamuuzia kama milioni 6 kila mwezi, malipo ya wiki ya 8 na ya wiki ya 13 nayo yatakuwa karibu kiasi hicho hicho.

Fungu la pili ni wateja wadogo wengi, ambao jumla yao ni milioni 30: 16 hazijafika tarehe, 7 ziko siku 1 hadi 30, 3 ziko siku 31 hadi 60, 2 ziko siku 61 hadi 90, na 2 zimezidi siku 90. Kuwafuata mmoja mmoja ni kazi isiyolipa, lakini wakiwa kundi tabia yao haibadilikibadiliki sana. Hapa tunatumia kitu ninachokiita kiwango cha kuvuka. Tunachukua ripoti za mwisho wa mwezi za miezi 12 iliyopita, na kwa kila safu tunauliza: katika kilichokuwa humu mwezi uliopita, kiasi gani kimevuka kwenda safu inayofuata? Kilichovuka hakijalipwa, na kilichobaki nyuma kimelipwa. Kilichopunguzwa kwa hati au kufutwa hutolewa kwanza ili kisihesabiwe kuwa fedha iliyoingia.

Tuseme historia inatupa viwango hivi. Kati ya zile ambazo hazijafika tarehe, asilimia 40 huvuka kuingia siku 1 hadi 30. Kutoka hapo asilimia 50 huvuka kwenda siku 31 hadi 60, kisha asilimia 60, kisha asilimia 80 huishia katika zile zilizozidi siku 90. Angalieni jinsi kiwango kinavyopanda kadiri deni linavyozeeka, kwani deni likishazeeka hulipwa kwa shida. Zilizozidi siku 90 mimi huziwekea sifuri, na zikilipwa ni nafuu isiyotegemewa.

Mwezi wa kwanza, basi, tunapata asilimia 60 ya 16, yaani 9.6, nusu ya 7, yaani 3.5, asilimia 40 ya 3, yaani 1.2, na asilimia 20 ya 2, yaani 0.4. Jumla ni milioni 14.7. Mwezi wa pili kilichovuka hupitia viwango vile vile kikiwa safu moja mbele, nacho kinatoa karibu milioni 5. Mwezi wa tatu kinatoa 1.7. Kwa robo mwaka nzima, katika milioni 30 zilizopo leo, zitaingia kama milioni 21.4, na milioni 8.6 zitabaki bila kulipwa, 6.7 kati yake zikiwa zimezidi siku 90. Mwenye biashara anayeitazama ile 30 kama fedha ya robo hii atakuwa amejiongezea zaidi ya robo ya kiasi hicho.

Juu ya hapo tunaongeza mauzo ambayo bado hatujayafanya. Kundi hili hununua milioni 16 kwa mwezi. Mauzo ya mwezi wa kwanza yatatoa 9.6 mwezi wa pili na 3.2 mwezi wa tatu. Mauzo ya mwezi wa pili yatatoa 9.6 mwezi wa tatu. Na mauzo ya mwezi wa tatu hayatatoa chochote ndani ya robo hii. Ukijumlisha, kila mwezi unaleta takriban milioni 14.5 hadi 14.7. Jumla inatulia, lakini asili yake inabadilika kabisa, na nitalirudia jambo hilo kabla sijamaliza.

Fedha ya mwezi haiingii sawasawa katika wiki zake. Kutoka kwenye taarifa za benki za miezi hiyo hiyo tunapata kwamba wiki ya kwanza huleta asilimia 20, ya pili 15, ya tatu 25 na ya nne 40. Hivyo 14.7 za mwezi wa kwanza zinagawanyika kuwa 2.9, 2.2, 3.7 na 5.9.

Tugeukie upande wa wasambazaji. Hapa hatuhitaji viwango vya kuvuka, kwa sababu tunaoamua lini tutalipa ni sisi. Tunachohitaji ni ukweli kuhusu ratiba yetu wenyewe. Biashara hii hulipa wasambazaji kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, na kila mzunguko wa malipo huchukua ankara zote zitakazofika tarehe kabla ya mzunguko unaofuata. Kwa hiyo ankara inayodaiwa katika wiki ya tatu hulipwa wiki ya pili. Ukiipanga kwa tarehe yake ya kulipwa, utakuwa umeiweka wiki moja mbele ya siku ambayo fedha itatoka. Kwa mwezi wa kwanza, wasambazaji wanachukua milioni 8 wiki ya pili na 7 wiki ya nne. Pamoja nao kuna kodi ya jengo 0.8 wiki ya kwanza, kodi za serikali 1.5 na rejesho la mkopo 0.7 wiki ya tatu, na mishahara 2.5 wiki ya nne.

Tuyakutanishe. Kwa mwezi mzima zinaingia 14.7 na 6, yaani 20.7, na zinatoka 20.5. Tulianza na 3.5, tunamaliza na 3.7. Makadirio ya mwezi yanasema hakuna tatizo lolote.

Sasa kwa wiki. Wiki ya kwanza: 3.5 kuongeza 2.9 kutoa 0.8, tunabaki na 5.6. Wiki ya pili: tunaongeza 2.2, tunatoa 8, na salio linakuwa hasi 0.2. Wiki ya tatu: tunaongeza 3.7, tunatoa 2.2, tunafika 1.3. Wiki ya nne: tunaongeza 5.9 na zile 6 za mteja mkubwa, tunatoa 7 na 2.5, tunafika 3.7. Salio la mwisho wa mwezi ni lile lile, lakini njiani tumepita mahali ambapo malipo ya wasambazaji yangekataliwa na benki. Na hapa ndipo ile 1.4 inaporudi. Kama tungeanza na salio la taarifa ya benki, wiki ya pili ingeonyesha chanya 1.2, tungeidhinisha malipo yote kwa utulivu, na tungegundua pengo siku ile ile ya kulipa.

Wiki ya nne inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Milioni 6 za mteja mkubwa zinaingia Ijumaa, siku ile ile tunayolipa mishahara na wasambazaji. Malipo hayo yakisogea mpaka Jumatatu, salio la Ijumaa si 3.7 bali ni hasi 2.3. Hakuna aliyeshindwa kulipa, hakuna mauzo yaliyopungua. Ni siku moja ya kazi tu. Kwa kila wiki ambayo salio lake linategemea malipo ya mtu mmoja, mimi huandika chini ya salio mstari wa pili unaoonyesha salio hilo bila malipo yake. Mstari huo huwasaidia wanaoidhinisha malipo kuliko jedwali lote lililobaki.

Tunafanya nini na pengo la wiki ya pili? Katika zile 8, tunatafuta ankara ambazo kwa tarehe zake hazidaiwi mpaka wiki ya tatu. Tuseme ipo moja ya milioni 2, ya msambazaji ambaye tumefanya naye kazi kwa miaka. Tukiisogeza mpaka mzunguko wa wiki ya nne, wiki ya pili inakuwa chanya 1.8 na ya tatu 3.3. Msambazaji huyo atachelewa takriban wiki moja, na anastahili kuambiwa kabla na kupewa tarehe. Jambo hili nalishikilia sana. Nimewahi kukaa upande wa pili wa meza, nikisubiri malipo ambayo hakuna aliyeniambia kuwa yamesogezwa, na mimi nikiwa nimeyaweka katika makadirio yangu. Msambazaji asiyeambiwa huanza kudai malipo ya awali, na mkopo wa siku 30 ukiondolewa, pengo linalofungukia mbele ni kubwa kuliko lile tulilolifunga.

Wiki ya nne sasa ina malipo ya wasambazaji ya milioni 9 badala ya 7, na bado inamtegemea mteja mmoja. Hapa ningetenganisha mishahara na mzunguko wa wasambazaji. Mishahara ina siku yake na haisogezwi. Mzunguko wa wasambazaji unaweza kuandaliwa Ijumaa na kuachiliwa Jumatatu baada ya fedha ya mteja kuonekana benki. Fedha ikichelewa, Ijumaa hiyo tuna 3.3 kuongeza 5.9 kutoa 2.5, yaani 6.7, na hakuna aliyekosa mshahara.

Orodha ya ankara za wasambazaji ina upungufu mmoja ambao sharti niutaje. Haijui chochote kuhusu mali iliyokwisha kupokelewa ghalani lakini ankara yake haijafika. Ukiiangalia orodha leo utaona mwezi wa kwanza umejaa na mwezi wa pili umepungua, na utadhani mambo yanakuwa mepesi mbele. Upungufu huo si nafuu. Nenda ghalani, chukua hati za kupokelea mali ambazo hazijaoanishwa na ankara, kisha chukua oda zilizokwisha kuthibitishwa, uziweke katika wiki zake kwa masharti ya kila msambazaji. Kipimo rahisi ni hiki: ikiwa umeweka mauzo ya milioni 22 kwa mwezi wa pili, lazima kuwe na manunuzi yanayoweza kuyabeba mauzo hayo. Makadirio yenye mauzo kamili na manunuzi nusu huonyesha fedha nyingi ambayo haitakuwepo.

Kodi ya ongezeko la thamani nayo huleta mkanganyo. Pale ambapo kodi hiyo hudaiwa kwa tarehe ya ankara, tunailipa hata kama mteja hajatulipa. Kwa hiyo madeni ya wateja huwekwa pamoja na kodi ndani yake, na malipo ya kodi huwekwa katika wiki yake yakihesabiwa kutoka kwenye ankara, si kutoka kwenye makusanyo.

Jumatatu ya kila wiki makadirio hupimwa na yaliyotokea. Tofauti zote zigawanywe mbili: zile za muda, ambapo fedha itakuja ila wiki nyingine, na zile za kudumu, ambapo fedha haitakuja. Tofauti ya muda husogezwa mbele na salio la mwisho wa robo halibadiliki. Tofauti ya kudumu hubadilisha salio la kila wiki inayofuata. Kuna dalili moja ya kuiangalia hapa. Mteja yule yule akitokea kama tofauti ya muda wiki tatu mfululizo, hiyo si ya muda tena, na anapaswa kuhamishiwa katika fungu la wale wanaokadiriwa mmoja mmoja. Vilevile viwango vya kuvuka vihesabiwe upya kila mwisho wa mwezi; asilimia 40 ile ya kwanza ikipanda kuwa 50, makusanyo ya kundi dogo yanapungua milioni 1.6 katika mwezi unaofuata, kabla hata ripoti ya umri haijaonyesha deni lolote lililozeeka.

Nilisema nitarudia asili ya makusanyo. Katika mwezi wa kwanza, makusanyo yote ya wateja wadogo yanatokana na ankara zilizopo leo. Mwezi wa pili, milioni 9.6 kati ya takriban 14.6, yaani karibu theluthi mbili, zinatokana na mauzo ambayo hayajafanyika. Mwezi wa tatu ni 12.8 kati ya 14.5. Kwa sababu hiyo mimi huchora mstari baada ya wiki ya tano au ya sita. Tarakimu zilizo kabla ya mstari huo ninaweza kuzitetea ankara kwa ankara mbele ya benki. Zilizo baada yake huzitoa mara mbili, moja kwa mauzo tunayoyatarajia na nyingine kwa mauzo ya mwezi mbaya kuliko yote katika miezi 12 iliyopita. Na nikiulizwa na benki kiasi gani cha ovadrafti tunahitaji, ninalijibu swali hilo kwa salio la chini kabisa la Ijumaa yoyote katika hesabu ile ya pili, baada ya kuondoa malipo ya yule mteja mkubwa katika wiki yake.